Asha, Juma na Karani wa Stesheni: Kuipanga Sentensi ya Lugha ya Alama Hewani na Usoni

Mwombe mtu aliyemaliza mafunzo ya mwanzo ya lugha ya alama akuambie "Asha alimtumia Juma nauli." Mara nyingi atafanya alama nne zinazofuatana: ASHA, TUMA, JUMA, NAULI. Ile TUMA ataisukuma kutoka kifuani kwake kwenda mbele, kama alivyoiona kwenye picha ya kitabu. Kiziwi anayemtazama ataona jambo jingine kabisa, kwa sababu mkono unaotoka kwa msemaji na kumwelekea mtazamaji unasema "mimi nimekutumia wewe." Asha na Juma wametajwa, ila hawana kazi kwenye sentensi. Alama zote nne zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni sarufi, na sarufi hiyo haikai kwenye umbo la vidole peke yake. Inakaa mahali mkono unapoanzia, mahali unapoishia, na usoni.

Tutashika habari moja fupi na kuijenga hatua kwa hatua. Kwa Kiswahili ni hii:

Asha yuko Kigoma. Alimtumia mdogo wake Juma, aliye Tabora, nauli. Juma akaenda stesheni akamuuliza karani, "Treni ya Kigoma inaondoka leo?" Karani akamjibu, "Leo haiondoki. Inaondoka kesho. Ukichelewa, itakuacha."

Ndani yake mna mtenda na mtendwa, safari, swali, ukanusho na sharti. Ukiweza kuisema hii bila kumchanganya anayekutazama, umeshika sehemu ya sarufi inayowasumbua zaidi watu wanaosikia. Kanuni zinazofuata zinaonekana katika lugha nyingi za alama. Maumbo ya vidole ya kila neno jifunze kwa viziwi wa kwenu. Humu maneno ya alama yameandikwa kwa herufi kubwa, na yanayofanywa na uso yameandikwa pembeni.

Eneo la kazi

Alama hufanyika ndani ya eneo lenye mipaka: juu ni utosi, chini ni kiuno, na kando ni mahali viwiko vinapofika ukivitanua kidogo. Ukitoka nje ya hapo unakuwa kama mtu anayepaza sauti. Vaa nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yako, maana kitenge chenye maua makubwa huficha vidole. Mwanga uwe mbele yako, usiwe mgongoni. Usiku, kama mnatumia tochi ya simu, imulike kifua na uso kwa pamoja. Watu wengi humulika mikono tu, na hapo swali na jibu huonekana sawasawa.

Unapokuwa mtazamaji, macho yako yakae usoni kwa anayezungumza. Mwanafunzi mgeni hufuata mikono, kisha anashangaa kwa nini hakujua kwamba aliulizwa kitu. Mikono utaiona tu kwa pembe ya jicho. Nyusi hutaziona kwa namna hiyo.

Chora ramani kwanza

Hewa iliyo mbele yako ina matumizi mawili, na ni lazima uyatenganishe kichwani. Tumizi la kwanza ni ramani. Jifanye umeelekea kaskazini. Tabora iweke mbele ya kifua, kulia kidogo. Kigoma iweke mbali kushoto, kwa kuwa ni magharibi. Reli ya Kati inatoka Tabora kwenda Kigoma ikipitia Kaliua na Uvinza, kwa hiyo kidole kinachora mstari kutoka kulia kwenda kushoto na Kaliua inakaa njiani, karibu zaidi na Tabora kuliko Kigoma. Ukitaka kuongeza tawi la Mwanza, linaanzia Tabora na kwenda mbele, mbali na kifua chako. Tawi la Mpanda linaanzia Kaliua na kurudi upande wako, kwa sababu linaelekea kusini.

Kwenye ramani, umbali na mwelekeo vina maana. Ukiweka Kaliua karibu sana na Kigoma, umesema uongo. Macho yako nayo hufuata kidole kinapochora, na hiyo ndiyo dalili inayomwambia mtazamaji kwamba hapa anaonyeshwa mahali halisi.

Sasa liko tatizo la kioo. Mtu aliyekaa akikukabili anaiona Kigoma upande wake wa kulia. Usimsaidie kwa kuigeuza ramani. Kanuni ni kwamba mambo yanasomwa kutoka upande wa msemaji, na anayetazama ndiye anayegeuza kichwani mwake. Wanafunzi wengi hugeuza kwa nia njema, na kiziwi, ambaye tayari amegeuza, anageuziwa mara ya pili. Matokeo yake Kigoma inahamia Dodoma.

Wape wahusika viti

Tumizi la pili la hewa ni la wahusika. Hapa unachagua sehemu ya hewa na kusema kwamba kuanzia sasa sehemu hii ni Asha. Tuite sehemu hiyo kiti. Utaratibu ni mfupi: fanya alama ya jina, kisha nyoosha kidole mara moja, kwa uhakika, mahali unapotaka mhusika akae, na macho yaguse hapo kwa nukta moja. ASHA, kidole kushoto. JUMA, kidole kulia. Kuanzia hapo hutaji tena majina. Kidole kikielekea kushoto ni "yeye Asha," na kikielekea kulia ni "yeye Juma."

Tofauti na ramani, umbali wa viti hausemi chochote. Asha akiwa kushoto na Juma kulia haina maana kwamba wamekaa hivyo chumbani. Lakini msemaji mzuri huunganisha matumizi haya mawili pale inapowezekana, na ndiyo maana tumemweka Asha kushoto, kwenye Kigoma yetu, na Juma kulia, kwenye Tabora. Ukimweka Asha kulia wakati mji wake uko kushoto hutakuwa umevunja kanuni, ila utamchosha bure anayekutazama.

Viti hudumu mpaka uvibadilishe. Hii ndiyo nguvu yake, na pia ndipo mambo yanapoharibika. Makosa ya hapa ni matatu. La kwanza ni kuonyesha kidole kabla ya kutaja jina, yaani kiti kisicho na mtu. Utalitambua kwa sababu mtazamaji atarudia kidole chako huku ameinua nyusi, akiuliza "huyu nani?" La pili ni kuwaweka watu wawili kwenye kiti kimoja kwa kusahau. La tatu ni kiti kinachohama: ulimweka Juma usawa wa bega la kulia, baada ya sentensi tatu unamwonyesha katikati, na mtazamaji anadhani ameingia mtu mpya. Kwa anayeanza, viti vitatu vinatosha. Vikizidi vinne, hata mzoefu hulazimika kutaja majina upya.

Kama Juma mwenyewe yumo chumbani, usimtengenezee kiti cha hewani. Mwonyeshe alipo. Kumwonyesha mtu aliyepo mahali asipokuwepo humfanya mtazamaji atafute Juma mwingine.

Na kiziwi akikujibu kuhusu Asha, katika mazungumzo ya ana kwa ana ataonyesha ileile hewa uliyoitumia wewe: kushoto kwako, ambako ni kulia kwake. Siku nyingine akimsimulia mtu mwingine, atapanga upya kuanzia kushoto kwake mwenyewe. Mwanzoni inachanganya, ila ukishaiona mara chache haitakusumbua tena.

Kitenzi kitembee

Tuingie kwenye sentensi yenyewe. Kiswahili kinasema *alimtumia*: *a-* ni Asha, *-m-* ni Juma, na vyote viwili viko ndani ya kitenzi. Lugha ya alama inafanya kazi hiyohiyo bila kuongeza kipande. Inabadilisha njia ya mkono. Mkono unaanzia kwenye kiti cha mtenda na kuishia kwenye kiti cha mtendwa.

Fanya hivi. Tengeneza umbo la mkono la TUMA. Kabla hujalisogeza, peleka mkono mpaka kwenye kiti cha Asha, kushoto. Geuza kiganja kielekee kulia. Kisha upeleke mkono moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Juma na kusimama hapo. Usipitie kifuani, kwa sababu kifuani ni "mimi." Macho nayo yasogee kulia pamoja na mkono. Ukitaka kusema kwamba Juma alimrudishia, anzia kulia na kuishia kushoto. Ukitaka kusema "alinitumia mimi," anzia kushoto na kuishia kifuani. Alama ni ileile, na nafsi zimebadilika.

William Stokoe, aliyechambua lugha ya alama ya Marekani mwaka 1960, alionyesha kwamba alama moja ina sehemu zake: umbo la mkono, mahali na mwendo. Hapa unaona faida ya kuzitenganisha. Umbo la mkono limebaki lilelile na kubeba maana ya "tuma," huku mwanzo na mwisho wa mwendo vikibeba mtenda na mtendwa.

Si kila kitenzi kinakubali kutembea, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa baada ya kufurahia hatua iliyopita. Vipo vitenzi vinavyoshikamana na mwili. KUPENDA na KUJUA, katika lugha nyingi za alama, hugusa kifua au kichwa, na havihami hapo. Ukijaribu kuichukua PENDA kifuani na kuirusha kutoka kwa Asha kwenda kwa Juma, utaambulia macho ya mshangao. Kwa vitenzi hivyo unasema ASHA kwa kidole, unafanya PENDA palepale mwilini, kisha JUMA kwa kidole. Vipo vingine vinavyotembea kati ya watu, kama TUMA, PA, ULIZA, SAIDIA na AMBIA. Na vipo vinavyotembea kati ya mahali, kama WEKA na HAMISHA, ambavyo hufuata ramani badala ya viti.

Kati ya vile vinavyotembea baina ya watu, vichache huenda kinyume. CHUKUA na ALIKA katika lugha kadhaa huanzia kwa mtendwa na kuishia kwa mtenda, kwa sababu kinachohama kinamjia anayetenda. Mtu aliyekariri kwamba mwanzo daima ni mtenda atasema Juma alimwalika Asha wakati alitaka kusema kinyume chake. Dawa ni kujiuliza kuhusu kila kitenzi kipya: kitu au mtu anayehama anatoka wapi na anafika wapi? Kisha mwombe kiziwi akufanyie sentensi mbili, "Asha alimwalika Juma" na "Juma alimwalika Asha," na uangalie mkono unaanzia wapi.

Kuhusu treni yenyewe kuna jambo jingine. Baada ya kutaja TRENI, mkono huchukua umbo maalumu linalosimama badala ya chombo hicho, na umbo hilo ndilo linalosafiri juu ya ramani. Anayejua ngeli za Kiswahili hatashangaa: kundi la vitu lina umbo lake, na umbo hilo linashikamana na kitenzi. Mwaloni Kibirizi, Kigoma, msemaji anaweza kuonyesha kwa mikono miwili boti mbili zinazopishana majini, moja ikiyumba na nyingine ikienda taratibu, yote kwa tendo moja ambalo Kiswahili kingelitumia sentensi nzima. Sharti ni moja: taja kitu kwanza, ndipo umbo lifuate. Mkono unaosafiri kabla ya kitu kutajwa unaweza kuwa treni, basi au ng'ombe.

Nyusi zinauliza

Kwa sauti, "Treni imefika" na "Treni imefika?" zina maneno yaleyale. Anayesikia anatofautisha kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Katika lugha ya alama kazi hiyo inafanywa na uso, na swali la ndiyo au hapana lina uso wake: nyusi juu, macho yamefunguka, kichwa kimesogea mbele kidogo.

Kinachohitaji mazoezi ni muda wake. Nyusi zipande kabla ya alama ya kwanza ya swali. Zibaki juu katika alama zote. Alama ya mwisho ishikiliwe kidogo kuliko kawaida, macho yakiwa kwa anayeulizwa, kisha nyusi na mikono vishuke pamoja. Kosa la kawaida ni kufanya alama zote kwa uso mtupu na kuinua nyusi mwishoni kabisa. Aliye mbele yako ameshasoma taarifa kwamba treni inaondoka leo, halafu anakuona unashangaa. Atajibu mshangao wako. Swali halijamfikia.

Maswali ya nani, wapi, lini na kwa nini yana uso mwingine. Katika lugha ya alama ya Marekani na ya Uingereza, nyusi hukunjwa kwa maswali hayo. Lugha hazifanani zote kwenye jambo hili, kwa hiyo kabla ya kujizoesha mwombe kiziwi wa kwenu akuulize jina lako na unakotoka, na uziangalie nyusi zake badala ya vidole.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuonyesha hisia tu. Kuna njia rahisi ya kupima. Uso wa hisia huja taratibu na kuondoka taratibu. Mtu aliyekasirika hakunjuki ghafla kwa sababu sentensi imeisha. Uso wa sarufi huwaka na kuzimika pamoja na alama zake. Tena vyote viwili hukaa pamoja: mtu anaweza kuuliza swali kwa hasira, au kwa huruma, na swali likabaki swali. Watafiti wa lugha ya alama ya Marekani wamekuta viziwi walioumia upande wa kushoto wa ubongo ambao uso wao wa furaha na huzuni ulibaki mzima, ilhali uso wa sarufi ulipungua. Na watoto viziwi wanaokua na lugha hiyo, ambao tangu uchanga wanakunja uso wakikasirika, hupita kipindi cha kufanya alama za nani na wapi kwa uso mtupu kabla ya kuziunganisha na nyusi. Kama ingekuwa hisia tupu, wasingehitaji kujifunza.

Mvae Juma, kisha mvae karani

Swali la "inaondoka leo?" ni la Juma. Si lako. Ukiliuliza huku ukimtazama aliye mbele yako, atakujibu yeye, na pengine atakuambia ratiba anayoijua. Kwa hiyo msemaji humvaa mhusika.

Mpe karani kiti katikati. Karani ameketi nyuma ya dirisha la tiketi, Juma amesimama. Ili uwe Juma, sogeza mabega kidogo upande wa kulia, kwenye kiti chake, na utazame katikati, chini kidogo. Uliza swali ukiwa hapo, nyusi juu. Ili uwe karani, rudisha mabega katikati, tazama kulia na juu kidogo, halafu jibu. Kugeuka kwenyewe ni kudogo. Mabega na macho vinatosha. Anayezungusha mwili mzima anaupoteza uso wake kwa mtazamaji, na uso ndio tunaouhitaji.

Ukiwa ndani ya mhusika, kidole kinachogusa kifua ni Juma au ni karani, si wewe. Ili kutoka, rudisha macho kwa anayekutazama. Macho ndiyo mlango. Wanaosahau kurudi hujikuta wameendelea kusimulia kwa kinywa cha karani, na mtazamaji anaamini kwamba kila kinachofuata ni maneno ya stesheni.

Kichwa kinakanusha, na mipaka yake

"Leo haiondoki." Kiswahili kinaweka *ha-* mwanzo wa kitenzi. Lugha ya alama hutikisa kichwa, na kutikisa huko kuna mwanzo na mwisho kama nyusi. LEO inafanywa peke yake, nyusi juu na kichwa kimetulia, kwa kuwa ndiyo mada: "kuhusu leo." Kisha mapumziko mafupi sana. Kisha ONDOKA, na kichwa kinatikisika katika alama hiyo yote.

Sogeza kutikisa huko na maana inasogea. Ukitikisa kichwa kwenye LEO pekee, umesema "si leo," na mtazamaji anangoja umwambie ni siku gani. Kwa karani wetu tofauti ni ndogo, kwa sababu anaitaja kesho mara moja. Kwa muuguzi anayemweleza kiziwi "dawa hii usinywe usiku," tofauti ni kubwa.

Ziko lugha ambazo kutikisa kichwa peke yake kunatosha kukanusha, kama ya Ujerumani na ya Marekani. Ziko nyingine, kama ya Italia, zinazotaka pia alama ya mkono ya kukanusha. Mpaka uwe umewaona viziwi wa kwenu wakizungumza wao kwa wao, tumia vyote viwili pamoja. Hutaeleweka vibaya kwa kufanya hivyo, utaonekana tu mtu wa kusisitiza.

Sharti

"Ukichelewa, itakuacha" ndiyo sentensi yenye hatari zaidi katika habari hii, kwa sababu ikikosewa haionekani kuwa imekosewa. Mikono inasema CHELEWA, kisha TRENI, kisha umbo la treni linaondoka kutoka Tabora kwenda kushoto na kukiacha kiti cha Juma nyuma. Kwa uso mtupu hizo ni taarifa mbili: umechelewa, treni imekuacha. Juma angechukua begi lake na kurudi nyumbani.

Neno *-ki-* liko usoni. Wakati wa CHELEWA nyusi ziko juu na kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Alama ishikiliwe. Kope zipepese mara moja, nyusi zishuke, kichwa kirudi wima. Ndipo TRENI na kuondoka kwake vifuate kwa uso wa taarifa, mara nyingi pamoja na kutikisa kichwa kwa kukubali. Ule mpaka wa katikati ndio muhimu. Nyusi zikibaki juu mpaka mwisho, sentensi nzima inakuwa swali: "Umechelewa na treni imekuacha?"

Habari yetu ikikamilika inaonekana hivi:

ASHA (kidole kushoto), KIGOMA. JUMA (kidole kulia), TABORA.
Macho kushoto kwenda kulia: NAULI, TUMA kutoka kushoto mpaka kulia.
Macho kwa mtazamaji: JUMA (kidole kulia), STESHENI, KARANI (kidole katikati), ULIZA kutoka kulia mpaka katikati.
Mabega kulia, macho katikati na chini, nyusi juu mpaka mwisho: TRENI KIGOMA, LEO ONDOKA.
Mabega katikati, macho kulia na juu. Nyusi juu: LEO. Kichwa kinatikisika: ONDOKA. Uso wa taarifa: KESHO ONDOKA.
Nyusi juu: CHELEWA. Kope, nyusi chini: TRENI, umbo la treni kwenda kushoto.
Macho yanarudi kwa mtazamaji.

Jipime kwa simu

Egemeza simu usawa wa kifua, umbali wa hatua mbili, picha ianze juu kidogo ya kichwa na kuishia kiunoni. Jirekodi ukiisema habari yote. Tazama mara ya kwanza ukiwa umefunika mikono kwenye kioo kwa kipande cha karatasi na kuacha uso. Unapaswa kutambua, kwa uso peke yake, swali linaanzia wapi, ukanusho uko wapi na sharti linaishia wapi. Usipoweza, mtazamaji wako hakuweza pia. Mara ya pili funika uso. Sasa unatafuta viti: kila kitenzi kinachotembea kianzie na kuishia palepale ulipowakalisha watu.

Kisha mwonyeshe kiziwi. Tabora ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki, na waliosoma humo zamani wanaweza kuwa na alama za maneno zisizofanana na za waliosoma kwingine. Akikupa alama nyingine ya NAULI au ya KARANI, ichukue, maana mpangilio wa viti na nyusi hautabadilika kwa sababu hiyo.

Usimuulize kama ameelewa. Kwa adabu atakubali. Mwombe akusimulie upya, halafu sikiliza majibu ya mambo manne. Akikosea nani alituma na nani alipokea, rudi kwenye kitenzi kinachotembea. Akisema wewe ndiye uliyetaka kujua kuhusu treni, hukumvaa Juma, macho yako yalikuwa kwake. Akisema Juma alieleza kwamba treni inaondoka leo, nyusi zako zilichelewa. Na akikuambia pole, Juma kaachwa na treni, rudia ile sentensi ya mwisho: CHELEWA na nyusi juu, shikilia, pepesa, shusha.